Pazia, mlango wa bawaba au kioo cha kusukuma katika bafu dogo

*Assalamu alaikum, fundi. Tunamalizia nyumba yetu Chake Chake. Bafu ni dogo: upana sentimita 140, urefu sentimita 210, na bado hatujapiga marumaru. Shawa itakuwa mwisho kabisa, mbele ya mlango; choo cha kukaa na sinki viko ukuta wa kushoto. Mlango wa bafu unafungukia ndani. Mume wangu anataka mlango wa kioo wa bawaba, fundi wetu anasema kioo cha kusukuma ndicho kinachofaa mahali padogo, na mimi naona pazia linatosha. Mama mkwe, ambaye ni mtu mzima sana, tutakaa naye hapo hapo. Tuchague kipi?*

Waalaikum salaam, dada yangu. Umeuliza kwa wakati unaofaa, kwa sababu kabla marumaru hayajapigwa bado unaweza kuamua kitu ambacho baadaye hakibadiliki ila kwa kuvunja, nacho ni sakafu. Kwa bafu lako nakushauri pazia, si kwa kuwa ni rahisi kuliko vioo, bali kwa sababu ya vipimo ulivyonipa, ya mama mkwe wako, na ya maji na hewa ya Pemba. Ila pazia hilo litafanya kazi endapo sakafu itatengenezwa kwa ajili yake. Likitundikwa juu ya sakafu iliyo sawasawa mwanzo hadi mwisho, baada ya wiki moja mtakuwa mnakanyaga maji hadi kwenye ukumbi, na mume wako atakuwa na haki ya kusema kwamba kioo kingekuwa bora.

Naanza na vipimo. Ukiitoa sehemu ya shawa sentimita 80 kutoka ukuta wa nyuma, ambacho ni kipimo kinachomtosha mtu mmoja kuoga bila kugonga viwiko, zinabaki sentimita 130 hadi mlango wa chumba. Katika sentimita 130 hizo, choo na sinki vimekaa kushoto na ukuta wa kulia uko mtupu, na huko ndiko mlango wa chumba unakofungukia. Choo cha kukaa cha kawaida hutoka ukutani kiasi cha sentimita 65 hadi 70, kwa hiyo mbele yake unabakiwa na njia ya sentimita 70 hivi. Sasa mweke mume wako karibu na umchoree chini kwa chaki. Uwazi wa shawa ni sentimita 140, na kwa kawaida hugawanywa nusu kioo kisichofunguka na nusu mlango, yaani mlango wa sentimita 70. Mlango huo hauwezi kuwekwa upande wa kushoto, kwa sababu utagonga choo. Ukiwekwa bawaba zake upande wa kulia, unapofunguka unalala kwenye ukuta wa kulia na kuchukua sentimita 70 za ukuta huo. Mlango wa chumba nao, ukiwa wa sentimita 70, unalala kwenye ukuta ule ule na kuchukua sentimita 70 nyingine. Jumla yake ni 140, na ukuta una 130. Milango miwili itakutana, na mmoja wao ni wa kioo.

Huenda mtu akasema kwamba nani atafungua yote miwili kwa pamoja. Jibu ni kwamba nyumba yenye watoto itafungua yote miwili kwa pamoja kabla ya mwezi kwisha. Kioo kilichopikwa kwa moto, ambacho ndicho kinachofaa bafuni, ni kigumu sana usoni lakini ni dhaifu pembeni na kwenye ncha zake. Kinaweza kustahimili ngumi katikati, kisha kikasambaratika chote kwa kugongwa kidogo na kitasa cha chuma kwenye ukingo. Kusambaratika kwake hakuui, maana huvunjika chembe ndogo zisizo na makali marefu, lakini hutaki jambo hilo limkute mtu mzima akiwa amesimama na miguu mitupu. Wala usiruhusu mlango wa kioo ufungukie ndani ya shawa ili kukwepa tatizo hili. Katika kina cha sentimita 80, mlango wa sentimita 70 unamfinya aliyemo ukutani, na mtu akianguka ndani, mwili wake ndio utakaouzuia mlango usifunguke wakati nyinyi mko nje mnataka kumsaidia.

Dawa ya mgongano huo ipo, na haina gharama kubwa: seremala augeuze mlango wa chumba ufungukie nje. Kwa kweli ningewaomba mufanye hivyo hata mkichagua pazia, kwa sababu hiyo hiyo ya mtu kuanguka ndani, mradi ukumbi wenu una nafasi na mlango hautampiga anayepita. Mlango wa chumba ukifungukia nje, kioo cha bawaba kinawezekana katika bafu lako. Kuwezekana huko ndiko kunakonifanya nisimkatae mume wako moja kwa moja, na nitarudi kwake.

Fundi wenu naye ana hoja, kwa kuwa kioo cha kusukuma hakihitaji nafasi ya kufungukia. Lakini kinaila nafasi ya kupitia, na hilo halionekani dukani. Uwazi wa sentimita 140 unagawanywa vioo viwili vya kama sentimita 72 kila kimoja, vikipandana sentimita chache katikati ili maji yasipenye. Ukikisukuma kile kinachotembea hadi mwisho, kinakaa nyuma ya kile kilichosimama, na unabakiwa na sentimita 68. Toa nafasi ya kishikio na ya kizuio cha mwisho wa reli, unabaki na kama 60. Kijana hupita hapo bila kufikiri. Mama mkwe wako leo atapita, pengine kwa ubavu. Siku atakapohitaji mtu wa kumshika mkono na kumuogesha, watu wawili hawaingii katika sentimita 60, na anayemsaidia atalazimika kumwogesha kwa kunyoosha mikono kutoka nje, jambo ambalo halimpi mgonjwa heshima wala msaidizi usalama. Pazia ukilivuta pembeni linakuachia karibu sentimita 120 na zaidi. Hesabu hii ni nzuri kuikumbuka hata kwa wengine wanaosoma: shawa yenye uwazi chini ya sentimita 120 isiwekewe kioo cha kusukuma cha vipande viwili, maana mlango wake utakuwa chini ya sentimita 50.

Jambo la pili kuhusu kioo cha kusukuma ni reli ya chini. Reli hiyo ni mfereji mwembamba wa alumini ambamo maji ya sabuni, nywele na mchanga hukusanyika. Imetobolewa vitundu vidogo upande wa ndani ili maji yarudi kwenye shawa, na fundi asiyeijua kazi hupitisha silikoni upande wa ndani kote akidhani anaongeza ulinzi. Akifanya hivyo huviziba vile vitundu, maji yanajaa kwenye reli na kufurikia nje, na mwenye nyumba hulaumu kioo. Kanuni ya vioo vyenye fremu ni kupaka silikoni upande wa nje tu, na kuacha upande wa ndani uweze kujikausha. Nimeona bafu ambalo sakafu yake ya nje ilikuwa na maji kila asubuhi. Tulichofanya ni kukwangua silikoni ya ndani kwa wembe, vitundu vikafunguka, na shida ikaisha bila kununua kitu.

Lakini hata reli iliyofungwa vizuri ina adui wawili wa huku kwetu. Wa kwanza ni chokaa iliyo ndani ya maji. Maji ya visima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, na huna haja ya kupima maabara: tazama ndani ya birika lako la kuchemshia chai. Ukiona ukoko mweupe chini, ukoko huo huo utaota kwenye kioo, kwenye reli na kwenye roda zinazobeba kioo. Roda zikishika ukoko huanza kukwaruza, kisha kioo kinakwenda kwa kuruka ruka, kisha mtu mwenye haraka anakisukuma kwa nguvu na kukitoa kwenye njia yake. Wa pili ni hewa ya bahari. Katika roda nyingi za bei ndogo gurudumu ni la plastiki lakini gololi za ndani ni za chuma cha kawaida, na chuma hicho kinashika kutu ndani ambako hukuoni. Zikiharibika, utatafuta roda zenye umbo na kipenyo kile kile, na mara nyingi hazipatikani Chake wala Wete, kwa hiyo unatuma mtu Unguja au Dar es Salaam na sampuli mkononi. Kwa mtu wa Pemba, upatikanaji wa vipuri ni sehemu ya bei hata kama haukuandikwa kwenye risiti.

Mlango wa bawaba una vyuma vichache zaidi, na kwa hiyo una vitu vichache vya kuharibika, lakini uzito wake wote unaning'inia kwenye ukuta. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene katika mita moja ya mraba. Mlango wa sentimita 70 kwa 190 una mita za mraba 1.33, na kwa unene wa milimita 8 unafika karibu kilo 27. Kilo hizo zinavutwa na bawaba mbili, na ile ya juu ndiyo inayochomolewa zaidi. Ikiwa skrubu zimeishia kwenye plasta tu, ambayo kwenye kuta nyingi ina sentimita 2 hivi, mlango utaanza kushuka. Utajua kwa kutazama uwazi kati ya mlango na kioo cha jirani yake: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au ncha ya chini ikianza kugusa sakafu, bawaba ya juu imelegea, na mlango usiendelee kutumika mpaka irekebishwe. Kwa nyumba kongwe za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, mimi huogopa kabisa kufunga kioo kizito bila fremu, kwa sababu chokaa ile ni laini na skrubu haina cha kung'ang'ania. Nyumba yako mpya ya matofali ya saruji haina shida hiyo ikiwa skrubu zitavuka marumaru na plasta na kuingia kwenye tofali lenyewe kwa sentimita 4 au zaidi.

Kuhusu chuma cha bawaba, beba sumaku dukani. Kitu kinachonata sana kwenye sumaku mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na hakifai. Kisichonata kinaweza kuwa chuma kisichoshika kutu, shaba ya manjano iliyopakwa weupe kwa nje, au zinki, na hapo sumaku haiwezi kukusaidia kutofautisha. Tazama sehemu isiyopakwa, kwa mfano ndani ya tundu la skrubu: ikiwa ya manjano, ni shaba ya manjano, na hiyo hudumu, ikiwa ya kijivu hafifu na kitu chenyewe ni chepesi kwa ukubwa wake, yaelekea ni zinki, na kwenye hewa ya bahari mng'aro wake huvimba malengelenge na kubanduka. Chuma kisichoshika kutu kina daraja zake. Lile linaloandikwa 316 linahimili chumvi kuliko 304, na kwa nyumba iliyo karibu na pwani tofauti hiyo huonekana.

Nirudi sasa kwenye pazia, na kabla yake kwenye sakafu, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kazi ya pazia ni kuyazuia maji yanayoruka na kuyaangusha chini. Haliwezi kuyazuia maji yanayotembea sakafuni, na kwa hakika hata kioo chenye raba chini hakiwezi kwa muda mrefu, kwa sababu raba hizo huwa ngumu na za manjano kisha hupasuka. Maji ya sakafuni huzuiwa na mteremko. Mwambie fundi aishushe sehemu ya shawa, zile sentimita 80 zote kwa upana wa bafu, iwe chini ya sakafu nyingine kwa sentimita 2. Kisha aipe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea ukuta wa nyuma, na kitundu cha kutolea maji kiwe huko nyuma, si katikati ambapo mtu anasimama na kukiziba kwa mguu. Katika kina cha sentimita 80 mteremko huo ni sentimita 1.6, ambao mguu hauusikii lakini maji yanausikia. Sakafu iliyobaki, zile sentimita 130, nayo iwe na mteremko mdogo wa sentimita 1 kwa mita kuelekea shawa. Hapo hata maji yakitoka, yanarudi yenyewe.

Wengi hujenga kizingiti cha sentimita 8 au 10 mahali pa kushusha sakafu. Kinazuia maji vizuri sana, lakini mtu mzima mwenye mguu mzito na sakafu yenye povu hukikwaa, na ndiyo sababu sikukupendekezea. Hatua ya sentimita 2 nayo inaweza kumshangaza asiyeiona, kwa hiyo ukingo wake upigwe marumaru ya rangi tofauti, yenye kuonekana wazi, na marumaru ya sakafu yote yawe yale yasiyo na mng'aro. Msichague marumaru makubwa ya sentimita 60 kwa ndani ya shawa ikiwa mteremko unakwenda pande nne, kwa kuwa hayakunjiki. Mteremko ukiwa wa upande mmoja tu kuelekea nyuma, kama nilivyoeleza, fundi anaweza kutumia makubwa akipenda, ingawa madogo yana mistari mingi ya viungo na hushika mguu zaidi.

Kabla fundi hajajaza viungo vya marumaru, weka gololi ya mtoto katika pembe zote za shawa na uiache. Itembee yenyewe kuelekea nyuma. Ikisimama mahali, au ikirudi mbele, hapo patakuwa na dimbwi, na leo ni kazi ya saa moja kung'oa marumaru mawili, kesho ni kazi ya kuvunja. Viungo vikishakauka, mwaga ndoo nzima karibu na ukingo na usubiri dakika chache. Msipokee kazi ikiwa maji yamevuka ukingo au yamebaki yametuama.

Pazia lenyewe lisiwe la plastiki nyembamba ya kunuka. Nunua la kitambaa cha poliesta kilichosukwa kwa kubana, chenye vipande vya uzito vilivyoshonwa kwenye pindo, kwa sababu hilo linafuliwa na mashine na kurudishwa. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni sentimita 180 kwa 180 na 180 kwa 200 za urefu. Upana wa 180 kwa uwazi wako wa 140 ni mzuri: linabaki na mikunjo kidogo na kufika kuta zote mbili bila kuvutika. Kwa urefu chukua la 200. Ukichukua la 180, fimbo italazimika kuwa karibu na kichwa cha mtu mrefu. Hesabu yake ni hii: pindo lining'inie sentimita 1 juu ya sakafu ya shawa, yaani ndani ya ile hatua uliyoishusha, pete zina kama sentimita 4, na pazia ni 200, kwa hiyo fimbo ifungwe mita 2 na sentimita 5 juu ya sakafu ya shawa. Na isifungwe juu ya ukingo hasa, bali sentimita 4 ndani yake, ili matone ya pindo yaangukie ndani. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni fimbo iliyofungwa juu mno na pazia linaloishia kwenye goti, kisha mwenye nyumba anashangaa sakafu kuwa na maji.

Fimbo iwe ya kufungwa kwa skrubu. Zile za kukaza kwa springi huteleza kwenye marumaru laini, hasa zikiwa ndefu kama sentimita 140, na mtu mzima anayepoteza mizani huishika fimbo kwanza. Hata ile ya skrubu haiwezi kumbeba mtu, kwa hiyo mwekeeni mama kishikio cha chuma cha kujishikia, kilichofungwa kwenye tofali la ukuta wa pembeni, kiasi cha kiuno chake. Chagueni mahali pake sasa, kabla ya marumaru, akiwepo mwenyewe na akionyesha mkono wake unapofika.

Kuna lawama moja dhidi ya pazia ambayo ni ya kweli: linajivuta ndani na kumnata mtu mwilini. Profesa David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alilifanyia jambo hili hesabu ya kompyuta na kupata tuzo ya mzaha ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2001. Alionyesha kwamba matone yanayoanguka huizungusha hewa ya ndani ya shawa, na katikati ya mzunguko huo presha ya hewa hupungua na kulivuta pazia. Kwa hiyo hata maji ya baridi hulivuta, ingawa maji ya moto huongeza nguvu kwa hewa inayopanda. Nyumba nyingi za kwetu hutumia tangi lililo juu ya paa, na kimo cha mita 3 juu ya shawa hutoa presha ndogo tu, takribani baa 0.3, na pazia lenye uzito kwenye pindo hutulia. Ukiongeza pampu ya kusukuma maji, mambo hubadilika. Hapo chagua fimbo iliyopinda nje kidogo, au vishikizo viwili vya sumaku vya kulifunga pazia kwenye ukuta, kama marumaru yana chuma cha kuvutia nyuma yake au kipande kilichobandikwa.

Jambo ambalo wauza vioo hawalizungumzi ni ndoo. Maji yakikatika, na huku kwetu yanakatika, mama ataoga kwa kopo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na maji ya kopo hayaanguki kutoka juu kama ya shawa. Hutupwa begani, hugonga ubavuni na kuruka pembeni chini ya kimo cha goti. Kwa hiyo sehemu inayofanya kazi kweli ni sentimita 60 za chini za kizuizi chako, na hapo ndipo pindo lenye uzito na hatua ya sakafu vinapolipa. Ndoo, pipa dogo na kiti navyo vinahitaji kukaa mahali. Ndani ya kioo cha kusukuma utavipitisha kwa shida katika sentimita 60, na nje yake vitakuzibia njia ya choo. Pazia halijali.

Usafi wake hauna siri nyingi. Baada ya kuoga pazia livutwe lote likaukie limetandazwa, lisiachwe limekunjamana pembeni, kwa sababu mikunjo yenye unyevu ndiyo inayoota ukungu mweusi, hasa wakati wa masika ambapo hakuna kinachokauka. Likianza madoa kwenye pindo, lifueni. Likiwa na madoa yasiyotoka, linunuliwe jingine, na hapo pazia lina faida ambayo kioo hakina. Mnaotaka kioo mjue kwamba baada ya kila kuoga kinafutwa kwa kifutio cha raba, la sivyo chokaa itakipa weupe ambao kila wiki unakuwa mgumu kuondoka. Ukoko ukishakaa, siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, au ndimu, huulainisha ikiachwa kama dakika 10 kisha kusuguliwa na kuoshwa. Siki na ndimu visiguse mawe ya chokaa, tarazo wala saruji tupu, kwa kuwa huzila.

Nina maneno mawili kwa mume wako, kwa kuwa matakwa yake si ya kipuuzi. Kioo angavu kinaliacha jua la dirishani kufika hadi mlangoni, na bafu dogo linaonekana refu. Pazia zito la rangi nzito, likifungwa, linalikata bafu lako na kuacha sentimita 130 hivi. Chagueni pazia jepesi la rangi ya maziwa, na wakati hakuna anayeoga livutwe nusu. Na akiwa bado anakitaka kioo baadaye, aweke msingi wake sasa, bila gharama ya kuonekana: ukuta wa kulia unyooshwe kwa pima maji, na mahali pa bawaba, kwenye kimo cha sentimita 25 hadi 35 na 160 hadi 170 kutoka sakafu ya shawa, plasta iwe nyembamba na tofali liwe zima. Siku ya kuagiza, apime uwazi katika vimo vitatu, chini, katikati na juu, kwa sababu kioo kilichopikwa hakikatwi wala hakitobolewi tena. Tofauti ikizidi sentimita moja, aagize mlango wenye fremu, ambao huwa na nafasi ya kurekebisha ya sentimita moja hadi mbili, na si ule usio na fremu. Asikubali kioo cha dirisha kilichosagwa pembe, hata kikiwa cha milimita 6 na hata fundi akiapa ni kile kile: kilichopikwa huwa na alama iliyochomwa kwenye kona, mara nyingi pamoja na namba ya kiwango cha Ulaya, EN 12150, na kisicho na alama kirudishwe dukani.